Omena Miguuni mwa Nyar Port

Jumanne moja mwishoni mwa Machi, saa nne asubuhi, Rachael alikuwa ufuoni Usenge akigeuza omena, wale dagaa wa ziwa, kwenye neti, ana mimba ya miezi minane na viatu vya mume wake. Vyake vilikuwa vimemkataa wiki mbili zilizopita. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla serikali haijafunga uvuvi wa omena ili samaki wazaane kwa amani, na kila mwanamke pale alikuwa mbioni. Hata hivyo muda wa kutazama tumbo la mwenzao waliupata, maana kazi hiyo haifungwi na serikali.

"Nyar Port, hiyo tumbo imekaa chini," alisema mmoja. "Ni kijana."

"Kijana gani? Angalia pua ilivyopanuka. Ni msichana, anamwibia mamake uzuri."

"Na matako yameenda wapi?"

"Yako likizo," akasema Rachael bila kuinuka. "Yalifanya kazi sana mwaka jana."

Wakacheka. Jina la Rachael lilikuwa la kliniki na la kanisani. Ufuoni aliitwa Nyar Port, yaani binti wa Port, kwa sababu alitoka Port Victoria kuja kuolewa na Griffins, mwenye pikipiki ya kubeba samaki. Alikuwa amejifunza kujibu. Aliyemwambia amekuwa kama ngoma, alimwambia apige basi wacheze. Aliyemuuliza kama ni mapacha, alimwambia ni watatu, mmoja ametoka kidogo kununua sukari. Majibu hayo yalimsaidia mpaka jioni, akishavua leso na kujiona mwenyewe, na ule mstari mweusi uliopita katikati ya tumbo, na michirizi ubavuni kama njia za mchwa.

Basi akaja Awuor. Huyu alikuwa mnunuzi wa samaki wakubwa, mbuta na ngege, na kidole gumba chake kilijulikana ufuo mzima. Alibonyeza samaki mara moja tu. Nyama ikirudi juu, alinunua. Shimo likibaki, alimrudishia mvuvi bila neno, na hakuna mvuvi aliyebishana naye. Asubuhi ile Awuor aliinama, akambonyeza Rachael kwenye muundi wa mguu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyogonga meza akipita.

Shimo likabaki. Lingetosha punje ya hindi. Wakati wakilitazama likajaa maji, na ndani ya maji omena wawili wakageuka upande huu na upande huu.

Awuor alichovya kidole akaonja. "Ni ya ziwa," akasema. "Haina chumvi." Kisha akaendelea na safari yake kwenye mashua.

Muuguzi wa zahanati, Sista Nakhungu, aliwaona omena hao Alhamisi. Aliwasogeza kwa pamba ili atazame vizuri. Akamfunga Rachael kile kitambaa cha mkono, akakijaza upepo, akasikiliza. Mia moja kumi na nane kwa sabini na sita. Akachovya kijiti kwenye mkojo, rangi haikubadilika.

"Miguu peke yake si neno," Nakhungu alisema, akiandika kwenye kitabu cha mama na mtoto. "Mimba inabeba maji mengi, na mtoto anakalia mishipa. Lala kwa ubavu wa kushoto, inua miguu. Hata ukishazaa inaweza kuvimba zaidi siku chache. Lakini sikia, Mama. Uso ukivimba, na vidole, na kichwa kigonge kisisikie dawa, au uone vimulimuli mchana, au uumwe hapa chini ya mbavu za kulia, hiyo si unene. Hiyo ni presha. Usingoje tarehe. Hata kama umeshazaa, mpaka wiki sita ziishe."

"Na omena?"

"Omena wale. Ni protini."

Rachael alijifungua zahanati hapohapo katikati ya Aprili, wakati wa mvua, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, akaitwa Akoth kwa sababu ya mvua hiyo. Presha ilikuwa sawa. Akapumzishwa siku moja, mtoto akachanjwa, wakarudishwa nyumbani kwa pikipiki taratibu kama mzigo wa mayai.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe, Mama Obiero, na hapo ndipo uji ulipoanza. Uji wa wimbi asubuhi, wa mtama saa nne, supu ya samaki adhuhuri, uji tena. Mama Obiero hakuwa mtu mbaya. Alipomzaa mwanawe wa kwanza, yeye mwenyewe alipewa uji mwepesi hata ungeweza kuona chini ya kikombe, na alipotoka nje siku ya nne wanawake walimwambia mifupa yake inapiga kelele. Aliapa siku ile kwamba mke wa mwanawe atatoka nyumbani mwake akiwa amejaa. Aliyasubiri hayo miaka thelathini na moja.

Siku ya tatu, kwa kuwa ni mtoto wa kike, maana wa kiume hungoja ya nne, Rachael akatolewa nje na mtoto wageni wakamwona. Walikuja na unga, na sukari, na macho. Maziwa yalikuwa yamejaa asubuhi hiyo, magumu kama mawe, yakivuja mpaka kwenye leso. Kila Akoth aliponyonya, tumbo lilifinya kwa uchungu, maana mji wa mtoto unajikunja kurudi mahali pake. Damu bado ilikuwa inatoka. Na tumbo lenyewe lilikaa mbele yake laini, kama la miezi mitano, kama linavyokaa la kila aliyejifungua juzi.

"Nyar Port, kuna mwingine amebaki ndani?"

"Amebaki. Anamalizia kusali."

"Ulifunga leso kweli? Mimi wiki moja tu nilikuwa na kiuno changu."

"Na wewe kiuno chako kiko wapi siku hizi?" aliuliza Rachael kwa upole, na yule mama akaangalia kikombe chake.

Halafu Rachael akatoa sheria yake. Yeyote atakayetaja tumbo lake atafua nepi tatu kabla hajaaga. Wakadhani ni mzaha. Aliwanyooshea beseni. Siku ile zilifuliwa nepi kumi na nane, na tatu kati yake alizifua mchungaji, ambaye alisema tu kwamba mama amenawiri. Alifua vizuri, lakini hakusuuza.

Sheria ile ilikuwa na kasoro moja. Ilihusu tumbo. Haikusema kitu juu ya uso.

Siku ya tano uso wa Rachael ulianza kujaa. Asubuhi macho yalikuwa membamba kama ya mtu anayetazama jua. Pete ilikaa kidoleni ikawa ndani ya nyama. Alipoegemea kiganja kwenye kitanda, shimo lilibaki kiganjani, likajaa maji, na safari hii hawakuwa omena. Walikuwa fulu, wale wadogo wenye mistari. Miguuni omena walikuwa wengi hata mtu aliyekaa kimya aliwasikia.

Na ufuo ulikuwa umefungwa. Hakuna omena halali kutoka Usenge mpaka Port Victoria, na wateja wa Kondele, Kisumu, walikuwa wanapiga simu. Basi wanawake wakaja na vichujio vya chai na mabeseni madogo. Walikaa kwa mpangilio, aliyetangulia alitangulia. Walibonyeza, walisubiri maji yajae, walichota. Hakuna aliyemwumiza. Walimshukuru, na kila mmoja alipoondoka alisema neno.

"Umenona, Nyar Port. Ndoa imekukubali."

"Uso umejaa kama wa mke wa mbunge."

"Mama Obiero, kwako watu wanakula."

Mama Obiero alisimama mlangoni, mikono nyuma, akipokea maneno hayo moja moja. Alikuwa hajawahi kuonekana mzuri namna ile.

Ziwa lenyewe siku hizo lilikuwa limerudi nyuma hatua arobaini. Mashua zilikaa kwenye tope. Wazee walisema ni upepo.

Katika boma hilohilo, upande wa kushoto wa nyumba ya Byron, ndugu yake Griffins, lilikuwepo kaburi la mke wa Byron, Wendy. Aliaga mwaka uliopita, siku nane baada ya kujifungua. Alikuwa amekaa anasukwa nywele, akasema taa zinawaka mchana, akaanguka, mwili ukakakamaa na kutikisika, akatulia. Watu walisema karogwa. Walisema pia, kwa sifa, kwamba alizikwa akiwa amenona, si kama wengine. Kaburi lake halijakauka tangu siku hiyo. Matete yalikuwa yameota juu yake, na Mama Obiero aliyakata kila Jumamosi.

Siku ya sita kichwa cha Rachael kiligonga tangu alfajiri. Alimeza panadol mbili, kikaendelea. Saa tatu akaona vimulimuli vikipita mbele ya dirisha, vya fedha, kama omena wakigeuka juani. Alitazama kaburi, halafu akamtazama mtoto, akahesabu siku kwa vidole vyake vinene. Akasikia kitu kinauma chini ya mbavu za kulia.

"Mama," alimwambia mama mkwe, "nataka niende kwa Sista Nakhungu."

"Tarehe yako ni wiki ijayo. Iko kwenye kitabu."

"Kichwa kinauma."

"Ni hewa. Hukufunga kitambaa." Mama Obiero alimimina uji. "Nyar Port, mama yangu, watu wako kwenye ua. Wamekuja kukuona ulivyo. Nikikupandisha pikipiki uende hospitali ukiwa na uso huo, nitasema nini? Kwamba nimekulisha ukaugua?"

"Wendy naye alikula."

Mama Obiero aliweka sufuria chini. Alifuta mikono kwenye leso iliyokuwa kavu. "Wendy alirogwa," akasema, na akatoka kuwapangia wageni viti.

Griffins alikuwa nje anafuta pikipiki. Alikuwa mume mzuri wa aina ile ambayo ikiambiwa ngoja, inangoja. Alimtazama mkewe, akamtazama mamake, akaendelea kufuta mahali palepale.

Rachael alijua hapo kwamba akiomba, ataambiwa angoje. Akilia, wataita mchungaji. Kujibu kwa mzaha kulimfaa miezi tisa na siku sita, lakini mzaha hauteremshi presha. Akambeba Akoth, akatoka uani taratibu akishika ukuta, akaketi kwenye kiti katikati ya wanawake kumi na mmoja na mabeseni yao. Mwanga ulimuumiza.

"Awuor yuko?" akauliza.

"Niko."

"Njoo unibonyeze hapa." Akaonyesha kipaji cha uso.

Awuor akaja. Akabonyeza mara moja, kama kawaida yake. Shimo likabaki katikati ya kipaji, likajaa maji, na ndani yake akatokea mtoto wa mbuta, mweupe, jicho lake la dhahabu, akifungua kinywa na kukifunga.

Wanawake wakainuka kidogo waone. "Sasa ni mbuta," mmoja akasema kwa kuridhika.

"Nina swali moja," akasema Rachael. "Si la mwanamke. La samaki. Mimi ndimi samaki kwenye mashua, wewe umekuja kununua. Umenibonyeza. Utanichukua?"

Awuor alikuwa mwanamke wa maneno mengi juu ya watu, lakini juu ya samaki hakuwahi kudanganya hata mara moja, na wote pale walikuwa wameshamwona akimrudisha samaki wa shemeji yake mwenyewe. Alitazama shimo. Alitazama vidole, na macho yale membamba. Alibonyeza tena shavuni, akangoja, akaona.

"Sikuchukui," akasema. "Ningekurudisha."

Kuku alipita katikati ya mabeseni.

"Griffins," akasema Awuor, "washa hiyo pikipiki."

Griffins akawasha. Alikuwa amengoja mtu amwambie, na hakujali ni nani.

Sista Nakhungu hakuuliza mengi. Mia moja sabini na nane kwa mia moja na kumi na nne. Kijiti cha mkojo kiligeuka kijani kibichi. Alimgonga goti kwa nyundo ndogo na mguu ukaruka kama uliotishwa. Akampigia simu dereva wa ambulensi, na wakati wakimngoja akamwekea dawa ya kuzuia degedege kwenye mshipa, polepole, jasho na joto vikampanda Rachael mpaka kichwani, halafu sindano mbili nene, moja kila tako. Zilichoma kama pilipili.

"Hapo ndipo matako yalipofaa," Rachael akasema.

"Usiongee," akasema Nakhungu. "Ungekuja kesho, ningekuandika kwenye kitabu kingine."

Kwenye hospitali kubwa ya Kisumu alilazwa siku tano, mtoto ubavuni akinyonya kama kawaida, kwa kuwa dawa zile hazimdhuru. Kila baada ya saa nne sindano, tako hili, tako lile, mpaka siku ikatimia. Kila kabla ya sindano walimgonga goti, wakahesabu pumzi zake, wakapima mkojo kwenye mfuko, maana dawa ikizidi huzima goti kwanza, kisha pumzi. Akapewa na vidonge vya presha. Siku ya pili mkojo ulifunguka. Ulijaza mfuko, ukajaza mwingine, na mwingine. Mhudumu alichuja omena kwanza ndipo akamwaga. Fulu aliwapeleka nyumbani kwake Nyalenda. Yule mbuta alipita mwisho, kwa shida, na muuguzi wa zamu akaandika saa.

Siku hiyohiyo, kule Usenge, maji ya ziwa yalirudi hatua arobaini na mashua zikaelea. Wazee walisema ni upepo.

Aliporudi nyumbani alikuwa mwepesi. Mifupa ya shavu ilionekana, pete ilizunguka kidoleni. Wageni walikuja tena na mabeseni, wakabonyeza muundi, nyama ikarudi juu. Wakabonyeza tena kwingine. Wakatazamana.

"Umekwisha, Nyar Port," akasema wa kwanza.

"Hospitali wamekumaliza. Yaani hata uso umeondoka."

"Mama Obiero, huyu anakula kweli?"

Mama Obiero aliingia ndani akapika uji mzito hadi mwiko ukasimama, akamletea Rachael, akakaa chini kando ya miguu yake bila kumtazama. Alikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Siku chache zilipita asiende ufuoni, kwa sababu kule walikuwa wanasema anamnyima mkwe wake chakula. Jumamosi ilipofika hakuyakata matete ya kaburi.

Wiki ya sita Rachael alirudi kwa Sista Nakhungu. Presha ilikuwa imeshuka, mia moja ishirini na sita kwa themanini. Nakhungu alimlaza, akamwambia ainue kichwa, akapima kwa vidole pengo kati ya misuli ya tumbo: vidole viwili, litafunga lenyewe taratibu, asibebe magunia. Akamwambia pia kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi mimba nyingine, kwa hiyo siku akipata aje mapema sana, ataanzishiwa aspirini ndogo ya kila siku kabla mimba haijafika miezi minne. Rachael akasema hana haraka. Nakhungu akamwekea kijiti cha kupanga uzazi chini ya ngozi ya mkono.

Julai ikafika mwisho, na kamati ya ufuo ikaitisha mkutano wa kufungua ziwa, chini ya paa la mabati pale pa kupimia samaki. Rachael alikwenda na Akoth mgongoni. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka kwenye kitana, kama zinavyowatoka wengi mtoto akifika miezi mitatu, na watu sita walishamwambia.

Mwenyekiti, Mzee Absalom, alisoma ajenda. Injini. Choo. Halafu akavua miwani.

"Lingine ni la miezi ya kufungwa," akasema. "Aprili ya mwaka huu, wengi mlipata omena kwa msaada wa Nyar Port, na kamati inamshukuru. Mwaka ujao ziwa litafungwa tena Aprili. Mimba ni miezi tisa. Tukihesabu nyuma, ni mwezi huu."

Watu wakamgeukia Griffins. Griffins akatazama mabati.

"Nimewekewa kijiti," akasema Rachael. "Miaka mitatu."

Absalom akaandika, *miaka mitatu*, bila kukunja uso. "Ni haki yako, Mama. Kuna mwingine?"

Nyuma kabisa alikuwa ameketi Akello, mke mpya, miaka kumi na tisa, ambaye alikuwa amekosa mwezi mmoja tu na alimwambia mtu mmoja tu. Wanawake wakampisha. Wakampeleka kiti cha mbele, mmoja akamfungia leso vizuri, mwingine akamletea uji kabla ya mwenyekiti. Absalom alihesabu kwa vidole, Julai, Agosti, akafika mwisho, akaonekana kuridhika.

Rachael aliinuka akaenda kukaa kando ya Akello. Akamwambia yote kwa sauti ya chini, kama alivyoambiwa: uso, vidole, kichwa, vimulimuli, mbavu za kulia, wiki sita. Alimwambia aende kliniki wiki hii, asingoje tumbo lionekane.

"Ndiyo, dada," alisema Akello kwa adabu. "Nimesikia."

Na alikuwa amesikia. Lakini hata alipokuwa akiitikia kwa kichwa, alikuwa amegeuza shavu lake upande wa pili kidogo, taratibu, kwenye mwanga, kwa sababu nyuma yake mtu alikuwa anamwambia mwenzake kwamba uso wa Akello umeshaanza kujaa.